Picha za iPhone zimeshuka kama HEIC na MOV: MOV inafunguka, HEIC inakataa. Nichape vipi A3?

Mchapaji_Nasser (Kampala), Jumatatu asubuhi

Habari zenu wakuu. Nina duka dogo la uchapaji hapa barabara ya Nasser na nimepata kazi iliyonikwamisha. Anayezielewa picha za simu anisaidie, kazi inatakiwa Ijumaa.

Mteja ni mama wa Mukono. Binti yake amefanyiwa kwanjula, na picha alipiga kaka wa binti kwa iPhone yake. Wanataka albamu, pamoja na picha moja ya A3 ya kutundika sebuleni. Walianzia duka jingine, wakachapiwa hiyo A3, na mama ameniletea karatasi niione. Nyuso zina ukungu, nakshi za gomesi zimeyeyuka, shanga hazionekani. Lakini kijana akinionyesha picha hiyo hiyo kwenye simu yake, nikikuza kwa vidole naona hadi uzi wa mkanda.

Kijana amenitumia linki ya iCloud. Nimeshusha, ikaja zip moja nzito iliyokula bando langu la wiki. Ndani yake kila picha imekuja mara mbili:

```
IMG_4127.HEIC   1.9 MB
IMG_4127.MOV    3.1 MB
IMG_4128.HEIC   2.1 MB
IMG_4128.MOV    2.8 MB
```

MOV zinafunguka kwenye VLC, ni video fupi za sekunde tatu hivi. HEIC hazifunguki. Mashine ya dukani ni Windows 7 yenye CorelDRAW X7 na Photoshop CS6, na zote mbili zinakataa. Laptopu ya nyumbani ni Windows 10, nayo inanipeleka Microsoft Store. Je, picha zimeharibika njiani wakati wa kushusha? Na hizi video zimetoka wapi, wakati kijana anaapa hakupiga video hata moja?

---

Boda_Dijitali (Jinja)

Ndugu, hiyo kazi ya dakika moja. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Rename, futa `.HEIC` uandike `.jpg`. Windows itakuuliza kama una uhakika, wewe kubali. Mimi nimefanya hivyo kwa picha za shemeji yangu aliyeko Dubai na zote zilifunguka bila shida. HEIC ni jina tu ambalo Apple wameamua kutumia.

---

Afande_Mstaafu (Gulu)

Mwanangu, kijana aingie Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague Most Compatible. Simu itaanza kutoa JPG badala ya HEIC na tatizo litakuwa limekwisha. Mjukuu wangu ndiye aliyenirekebishia na tangu siku hiyo sijasumbuka.

---

Mchapaji_Nasser

Shikamoo Afande. Nashukuru, nitamwambia kijana. Lakini kwanjula imeshapita, na picha ninazozihitaji ni za siku ile. Mpangilio huo unazigusa zilizokwisha pigwa?

Boda_Dijitali, nimejaribu Rename. Ikoni imebadilika kweli, ila Photoshop inasema faili si JPEG halali, na Corel imeganda mpaka nikaizima.

---

Fundi_Wandegeya (Kampala)

Mchapaji, picha zako hazijaharibika. Nianze na ile karatasi ya A3 aliyokuja nayo mama, maana nahisi ndiyo inayoeleza kila kitu.

iPhone ikiwa na Live Photo imewashwa, kila unapobonyeza kitufe inahifadhi vitu viwili kwa pamoja: picha tulivu, na video fupi yenye sauti inayoanza sekunde moja na nusu kabla ya kubonyeza na kuendelea sekunde moja na nusu baada yake. Ndani ya simu unaviona kama picha moja. Ukishusha kwenye kompyuta vinaachana, na unabaki na faili mbili zenye jina moja. Kijana anasema kweli, hakupiga video. Alama ya Live ilikuwa imewaka juu ya skrini ya kamera, na watu wengi hawaiangalii.

Sasa fikiria yule wa duka la kwanza. HEIC zimemkatalia, MOV zimefunguka. Nadhani alisimamisha video, akaikamata picha kutoka kwenye skrini, akachapa hiyo. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Fungua MOV kwenye VLC, nenda Tools, kisha Codec Information, usome vipimo vyake. Halafu weka ile karatasi kando ya simu ya kijana na ulinganishe mikono ya watu, macho, pembe za nguo. Kama ilitoka kwenye video, itakuwa ni nukta ya wakati tofauti kidogo na ile picha tulivu.

Afande, heshima yako. Ulilosema ni sahihi, lakini linazihusu picha zitakazopigwa kuanzia sasa. Zilizokwisha pigwa zinabaki HEIC. Tena mpangilio huo hauizimi Live Photo: kijana ataanza kupata JPG na MOV badala ya HEIC na MOV. Kuzima Live ni kwa alama yake kwenye kamera, na ili isijirudishe yenyewe aingie Settings, Camera, Preserve Settings, awashe Live Photo hapo.

---

Mchapaji_Nasser

Fundi, VLC inasema 1440x1080. Na nimeilinganisha karatasi na simu. Kwenye simu, mkono wa shangazi umetulia juu ya kikapu cha ndizi. Kwenye karatasi mkono huo huo uko hewani, unashuka, na vidole vimefutika. Bibi harusi naye kwenye karatasi amefumba macho nusu. Ni nukta nyingine kabisa!

---

Fundi_Wandegeya

Basi ndiyo hiyo. Hesabu yake ni rahisi. Upande mrefu wa A3 ni kama inchi 16.5. Video ina pikseli 1440 upande huo, kwa hiyo kila inchi ya karatasi inapata pikseli 87 tu. Picha tulivu ya iPhone ya megapikseli 12 ina 4032 kwa 3024, yaani pikseli kama 244 kwa kila inchi. Kwa picha ya ukutani 244 inatosha vizuri. Kwa 87, nakshi ya gomesi lazima iyeyuke, na hakuna printa itakayoirudisha.

Sasa kwa nini HEIC inakataa. Picha iliyomo ndani imebanwa kwa njia ile ile inayobania video za H.265, siyo kwa njia ya JPEG. iPhone huikata picha katika vipande vya pikseli 512 kwa 512, kila kimoja kinabanwa peke yake, na picha ya 4032 kwa 3024 inakuwa na vipande 48. Programu inayotaka kuionyesha lazima ijue kufumbua H.265, kisha ijue kuviunga vipande vyote 48 mahali pake. Apple walianza kupiga kwa HEIC mwaka 2017 na iOS 11. Photoshop CS6 ni ya 2012 na CorelDRAW X7 ni ya 2014, kwa hiyo programu zako zilitoka kabla picha za namna hii hazijafika kwenye simu za watu. Huna kosa, na faili hazina kosa.

Boda_Dijitali, kubadili jina hakubadilishi kilichomo. Ni kuandika sukari kwenye gunia la chumvi.

---

Boda_Dijitali

Kaka Fundi nakuheshimu, lakini mimi sizungumzi ya kusikia. Picha za shemeji zilikuwa `.HEIC`, hazikufunguka, nikaandika `.jpg`, zikafunguka. Na nilizichapa pale Jinja, zikatoka safi. Unanielezaje hapo?

---

Kahindo_Kasese (Kasese)

Mimi yalinikuta kinyume chako, Boda. Nilikuwa naomba ufadhili wa masomo kwenye tovuti moja inayotaka picha ya JPG. Nikabadili jina kama unavyosema. Tovuti ikaipokea faili, hata ikaniandikia kwamba imepakiwa. Kesho yake nikapata barua pepe kwamba picha haisomeki na maombi hayajakamilika. Jina lilipita, ndani hamkupita. Bahati yangu dirisha la maombi lilikuwa bado wazi.

---

Fundi_Wandegeya

Boda, siamini kwamba unatunga. Fanya jambo hili dogo: chukua nakala ya picha mojawapo ya shemeji, uifungue kwa Notepad. Itatokea takataka nyingi za herufi, usiogope, wala usihifadhi chochote unapofunga. Tazama mwanzo kabisa wa mstari wa kwanza tu.

Ukiona `ftypheic`, hiyo ni HEIC ya kweli, jina lolote liwe. Ukiona `ÿØÿ`, na karibu yake `JFIF` au `Exif`, hiyo ni JPEG. Video ya MOV ya iPhone huanza na `ftypqt`. Kahindo nawe ukiwa bado na ile faili, iangalie.

---

Kahindo_Kasese

Ninayo. Jina ni `picha_yangu.jpg`, mwanzo wake ni `ftypheic`. Kumbe jibu lilikuwa hapo muda wote.

---

Boda_Dijitali

Nimeangalia. Zangu zinaanza na `ÿØÿ`. Zote.

---

Fundi_Wandegeya

Basi picha za shemeji zilikuwa JPEG tangu mwanzo, ila zilivishwa jina la HEIC. Hilo hutokea pale programu au huduma fulani inapoihifadhi picha upya kama JPEG huku ikiacha jina la zamani. Programu yako ya kutazamia iliamini jina, ikakataa. Ulipoandika `.jpg` jina likalingana na vilivyomo, ikafungua. Kwako ilikuwa dawa sahihi kabisa. Kwa Mchapaji haifai, maana zake ni HEIC za kweli. Hizo zilipitia wapi kabla ya kukufikia?

---

Boda_Dijitali

Shemeji alizitoa kwenye akaunti yake ya picha mtandaoni, akaziweka kwenye flashi, flashi ikaja na mtu. Zilipopitia katikati sijui. Nimekubali kuhusu Notepad, hiyo naibeba.

---

Mama_Shamim (Mbale)

Jamani na mimi nisaidieni hapa hapa. Simu yangu ni Samsung. Nina picha za mwanangu alipoanza kutembea, nikizishika kwenye simu zinacheza kidogo kama video. Nimezihamishia kwenye kompyuta ya shule kwa waya, zinafunguka vizuri, ni JPG, lakini hazichezi. Na sioni MOV yoyote. Kila moja ina zaidi ya MB 6, wakati picha za kawaida za simu hii ni kama MB 3. Video yangu imepotelea wapi?

---

Fundi_Wandegeya

Dada, haijapotea. Samsung haitengi faili mbili. Inachukua video na kuishonea mkiani mwa JPG ile ile, na ndiyo maana faili ni nzito. Programu ya kompyuta inasoma picha, ikifika mwisho wa picha inasimama, haijui kwamba nyuma kuna kitu. Fungua nakala kwa Notepad utafute neno `MotionPhoto_Data`. Ukilikuta, video ipo.

Kwako hatari ni nyingine. Usizifungue hizo picha kwenye kompyuta na kuzihifadhi upya, hata kwa kuzizungusha tu au kuzikata pembeni. Programu itaandika JPG mpya bila mkia, na video itakuwa imekatwa bila ujumbe wowote. Kutuma WhatsApp kama picha ya kawaida nako kunaikata. Ukitaka video peke yake, ifungue picha kwenye Gallery ya simu yenyewe uitoe huko kama video, kisha uhamishe. Na zile za kompyuta ya shule ziache kama zilivyo, ufanye kazi kwenye nakala.

---

Mama_Shamim

Nimelikuta hilo neno! Asante sana, nilikuwa karibu kuzikata pembeni zilingane kwa ajili ya fremu. Ngoja nizitoe kwenye simu kwanza.

---

Mchapaji_Nasser

Turudi kwangu tafadhali. Laptopu ya Windows 10 imeniomba niweke HEIF Image Extensions, ni bure, nimeweka. Picha bado haifunguki. Sasa inataka kingine kinaitwa HEVC Video Extensions, na hicho ni cha kulipia dola 0.99. Pesa si nyingi, ila sina kadi ya benki ya kulipia mtandaoni. Hakuna njia nyingine?

---

Fundi_Wandegeya

Hapo ndipo wengi wanaposimama wakadhani faili ni mbovu. Ile ya kwanza inaijua HEIC kwa umbo lake la nje, ila kufumbua H.265 iliyomo ni kazi ya ile ya pili. Ukiwa na moja bila nyingine hupati picha.

Wala huhitaji kulipa. Pakua GIMP toleo la 2.10 kutoka tovuti yao wenyewe. Inafungua HEIC yenyewe, haiitegemei Windows kwa hilo, na 2.10 inakubali hata Windows 7 yako. Fungua HEIC, kisha File, Export As, andika jina lenye `.jpg`, ubora weka 95. Kwa picha ya A3 mimi ningefanya hivyo kwa mkono, moja moja, nikiangalia.

Kwa albamu nzima utachoka. Hapo weka ImageMagick kwenye laptopu, ingia kwenye folda yenye nakala za picha, utenge video kwanza, halafu ubadilishe zote kwa mpigo:

```
mkdir video
move *.MOV video
magick mogrify -format jpg -quality 95 *.HEIC
```

Amri ya mwisho haifuti HEIC. Inaandika JPG pembeni yake. JPG zitakuwa nzito kuliko HEIC, mara nyingi mara mbili au zaidi, na hilo ni la kawaida, halimaanishi ubora umeongezeka. Ukimaliza angalia vipimo vya JPG moja kabla ya kuipeleka Corel. Ziwe 4032 kwa 3024, au kinyume chake kwa picha iliyosimama. Kuna vibadilishaji vinavyoshindwa kuunga vile vipande 48, vikakupa kile kijipicha cha onyesho kilichomo ndani ya faili. Kwenye skrini kidogo kinaonekana sawa, kwenye karatasi ni aibu.

---

Afande_Mstaafu

Kijana si atume tu kwa WhatsApp? Huko picha zote zinafunguka, hata kwa kasimu kangu haka.

---

Fundi_Wandegeya

Zinafunguka Afande, kwa sababu WhatsApp inazigeuza kuwa JPEG. Ila inazipunguza pia. Kwa mpangilio wa kawaida upande mrefu unabaki na pikseli kama 1600. Kwa A3 hiyo ni 97 kwa inchi, hatujatoka mbali na ile video. Kwa kuonyeshana inafaa sana, kwa kuchapa ukutani haifai. Na akituma kama hati, yaani Document, picha inafika bila kupunguzwa, lakini inafika ikiwa HEIC, tunarudi tulipoanza.

Kama kijana bado ana picha zake iCloud, kuna njia fupi zaidi. Anapozishusha kwenye kompyuta kupitia icloud.com, kwenye chaguo za kupakua achague Most Compatible badala ya Unmodified Originals. Atapata JPEG tayari. Kwa waya wa USB kwenda Windows, Settings, Photos, chini kabisa pana Transfer to Mac or PC, na kwenye simu zenye iOS mpya Photos imehamia ndani ya Apps. Ikiwa Automatic, simu inajigeuzia yenyewe kuwa JPEG wakati wa kunakili. Kinadharia ni vizuri. Kwa picha nyingi mara nyingi inakatika katikati, na Windows inasema "A device attached to the system is not functioning". Mtu akiona hivyo anadhani waya umekufa. Weka Keep Originals, nakili HEIC zote kama zilivyo, kisha badilisha kwenye kompyuta. Mimi nimekwisha kuwaona watu waliobadilisha nyaya tatu kwa ajili ya ujumbe huo.

---

Salha_Busia (Busia)

Naomba niseme jambo moja kabla Mchapaji hajazifuta zile MOV kwa sababu bando na nafasi. Usizifute bila kumuuliza mama mwenye picha. Ndani ya MOV kuna sauti. Mimi nina Live Photo ya bibi yangu tuliyempigia uani kwake, na kwenye zile sekunde anasikika akimwita mdogo wangu. Bibi hayupo tena. Mtu wa duka la picha alinirudishia JPG peke yake akaniambia zile nyingine ni takataka za simu, na kama nisingekuwa na asili kwenye simu ningeipoteza ile sauti.

Na kwa wenye Mac: nilizivuta HEIC na MOV zenye jina moja kwa pamoja kwenye Photos, zikaungana tena kuwa Live Photo. Lakini nilipojaribu na JPG iliyogeuzwa pamoja na MOV ile ile, ziliingia kama vitu viwili.

---

Fundi_Wandegeya

Pole kwa bibi, Salha. Na umesema la maana. Kinachoziunganisha si jina la faili. Ni alama ya utambulisho iliyoandikwa ndani ya zote mbili, na ukigeuza picha kuwa JPG kwa programu nyingi alama hiyo inapotea. Ndiyo maana asili zihifadhiwe zikiwa pacha, bila kuguswa.

Mchapaji, jihadhari na majina pia. Kama na shangazi alipiga kwa iPhone yake, naye anaweza kuwa na `IMG_4127`. Ukimwaga zip mbili kwenye folda moja, ama moja itaifuta nyingine, ama utapata HEIC ya kijana imekaa na MOV ya shangazi. Kila simu ipe folda yake.

---

Kahindo_Kasese

Na asiye na Mac? Nina Windows tu, na ningependa kuzirudisha kwenye simu yangu mpya zikiwa Live kama zamani.

---

Mchapaji_Nasser, Jumatano jioni

Ripoti. GIMP imefungua zote kwenye Windows 7, sikuamini. Vipimo ni 4032 kwa 3024, shanga zinahesabika. ImageMagick imebadilisha albamu nzima wakati nakunywa chai. MOV nimeziweka kwenye folda yake, na mama amesema anazitaka zote kwenye flashi, kwa hiyo Salha asante sana.

Lakini nina mambo mawili. La kwanza ni rangi. Gomesi ya bibi harusi ni nyekundu kali kwenye simu. Kwenye GIMP nayo kali. Nikiipeleka JPG Corel inapauka, inaelekea rangi ya tofali. La pili, picha chache zilizopigwa simu ikiwa imesimama zimetoka zimelala ubavu kwenye mashine ya dukani, ila kwenye laptopu ziko sawa.

---

Fundi_Wandegeya

La rangi nalijua. iPhone inapiga katika wigo wa rangi unaoitwa Display P3, ambao ni mpana kuliko sRGB ya kawaida, hasa kwenye wekundu na kijani. Picha inabeba maelezo ya wigo wake. Programu isiyoyasoma maelezo hayo inazichukua namba za P3 ikidhani ni za sRGB, na wekundu unafifia. Unapofungua HEIC, GIMP inakuuliza Keep au Convert. Nadhani ulichagua Keep. Fungua upya, chagua Convert, kisha utoe JPG. Hapo namba zenyewe zinageuzwa kuwa sRGB, na Corel haitakuwa na cha kukosea. Zingatia tu kwamba wekundu ule wa skrini ya simu hautatoka wote kwenye wino wa printa, hilo mwambie mama mapema.

La kulala ubavu: mwelekeo wa picha unaweza kuandikwa mahali pawili, kwenye HEIC yenyewe na kwenye Exif, yaani maelezo ya kamera yanayobebwa ndani ya faili. Kigeuzi kinaweza kuwa kimeizungusha picha na kuacha maelezo ya Exif yanayosema "nizungushe", kisha Corel ikatii tena. Au kinyume chake, picha haijazungushwa na mashine ya dukani haisomi Exif. Bila kuiona faili siwezi kukuambia ni lipi. Tuma jina la kibadilishaji na toleo lake.

---

Mchapaji_Nasser, Alhamisi

Convert imefanya kazi, gomesi imerudi nyekundu. A3 nimeichapa leo asubuhi, mama ameishika mbele ya dirisha akaanza kuwataja watu kwa majina mmoja mmoja hadi wa safu ya nyuma.

Zilizolala nimezisimamisha kwa mkono kwenye GIMP, kwa sababu Ijumaa ni kesho. Zilizokuwa na tabia hiyo ni zile tu zilizopitia ImageMagick. Nilizotoa kwa GIMP hazikufanya hivyo hata moja. Toleo nitaliangalia nikifika nyumbani niliandike hapa.

---

Boda_Dijitali

Mchapaji, ukiweka toleo uniambie pia kama zile zilizolala zilipigwa kwa kamera ya mbele. Hapa Jinja nimepewa picha za namna hiyo leo, zinaanza na `ftypheic`, na zinazolala zote ni selfi.